Damu Kwenye Shahawa: Umri, Muda na Maji Uliyoyaingia

Damu kwenye shahawa humtia mwanamume hofu ambayo mara nyingi haisemi kwa mtu. Kwanza huwaza ugonjwa wa zinaa, na nyuma yake swali la nani kamletea mwenzake. Kisha huwaza saratani. Huko pwani wapo watakaowaza tego na kumtafuta mganga kabla ya daktari. Wengi huishia duka la dawa, wakaomba kwa sauti ya chini vidonge vya kusafisha njia ya mkojo, wakameza na kungoja.

Kwa walio wengi, habari ni njema kuliko wanavyodhani. Mwanamume aliye chini ya miaka 40, asiye na dalili nyingine yoyote, karibu kila mara ana tatizo dogo, na mara nyingi damu hukoma yenyewe bila dawa. Hata hivyo yako mambo machache yanayotenganisha damu ya kungojewa na damu ya kupelekwa hospitali. Na katika nchi zetu ipo sababu moja ambayo watu wengi hawaifikirii kabisa inapokuja habari ya shahawa, ingawa wanaijua tangu walipokuwa shule ya msingi. Sababu hiyo ni kichocho.

Damu hutoka wapi?

Shahawa hazitoki kwenye korodani peke yake. Mbegu zinazotengenezwa humo ni sehemu ndogo mno ya majimaji yale. Takribani theluthi mbili hutoka kwenye vifuko viwili vya shahawa vilivyo nyuma ya kibofu cha mkojo. Sehemu kubwa ya kinachobaki hutoka kwenye tezi dume, ambayo ipo chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Mwanamume anapofika kileleni, misuli ya nyonga hujikaza kwa mfululizo, vifuko na tezi hukamuliwa, na majimaji yote hukutana ndani ya mrija wa mkojo kabla ya kutoka nje.

Kuta za vifuko hivyo na za tezi dume zimejaa mishipa midogo ya damu iliyo myembamba. Mmoja ukipasuka, hata kwa mkazo wa kawaida, damu huchanganyika na shahawa. Ikitoka siku hiyohiyo huwa nyekundu. Ikikaa ndani ya vifuko hubadilika kuwa ya kahawia au rangi ya kutu, na wakati mwingine hutoka ikiwa na vipande vidogo vilivyoganda. Kwa kuwa vifuko havimalizi vilivyomo kwa mara moja, mtu anaweza kuendelea kuona rangi ya kahawia mara kadhaa baada ya mshipa wenyewe kupona. Rangi inayofifia kila mara ni dalili ya kupona. Nyekundu mbichi inayorudi tena na tena inaonyesha kwamba bado kuna mahali panavuja.

Kabla ya yote, ni vizuri kuhakikisha damu ni ya mwanamume mwenyewe. Inawezekana ikawa ya mke, ambaye amekaribia hedhi au ana mchubuko kwenye mlango wa kizazi. Njia rahisi ni kutumia kondomu mara moja, kisha kutazama kilichomo ndani yake kwenye mwanga mzuri. Madaktari hulipendekeza jambo hili kwa sababu huwaepusha watu wengi na vipimo visivyowahusu. Ikibainika damu ni ya mke, yeye ndiye wa kupimwa, hasa ikiwa humtoka kila baada ya tendo la ndoa.

Sababu za kawaida

Mara nyingi sababu haionekani kabisa. Mtu amekaa muda mrefu bila kutoa shahawa, au amekuwa na tendo la ndoa la nguvu na la muda mrefu, mshipa mdogo umepasuka, basi. Akipimwa, kila kitu ni salama, na baada ya wiki chache rangi hurudi kuwa ya kawaida.

Kwa wanaume wa umri mkubwa, sababu mojawapo iliyo wazi zaidi ni kipimo cha tezi dume ambacho daktari huchukua vinyama kwa sindano. Mishipa huchomwa, na damu huonekana kwenye shahawa kwa wiki kadhaa, kwa wengine hata miezi miwili au mitatu. Mgonjwa aliyeambiwa mapema hana wasiwasi. Asiyeambiwa hudhani kipimo kimemharibu.

Kundi jingine ni la maambukizi. Kisonono na klamidia huanzia kwenye mrija wa mkojo na zinaweza kupanda hadi kwenye tezi dume au kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani unaohifadhi mbegu. Hapo damu haiji peke yake. Huambatana na usaha au ute kwenye uume, moto wakati wa kukojoa, au korodani moja kuvimba na kuuma. Kifua kikuu nacho kinaweza kuingia kwenye sehemu hizi, na daktari hukifikiria ugonjwa unapoendelea licha ya dawa za kawaida, hasa kwa mtu mwenye VVU au aliyewahi kuugua mapafu.

Damu inaweza pia kutokana na mambo yaliyo mbali na sehemu za siri. Shinikizo la damu lililo juu sana na lisilotibiwa ni mojawapo, na ndiyo maana muuguzi hukufunga kile kitambaa cha kupimia mkononi hata kama umekwenda kwa habari ya shahawa. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, ni nyingine. Anayezitumia asiziache mwenyewe kwa hofu, bali amweleze daktari aliyempa.

Maumivu yanapokuja wakati wa kutoa shahawa

Maumivu haya huja kwa sababu kiungo chenye uvimbe au kidonda kinakamuliwa kwa nguvu. Kwa hiyo mahali yanapokaa husema mengi. Yakiwa ya moto kwenye njia ya mkojo hadi nchani, mrija wa mkojo ndio wa kutazamwa kwanza. Yakiwa ndani, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, au yakipanda hadi chini ya kitovu, tezi dume na vifuko vya shahawa ndivyo vinavyoshukiwa. Yakishika korodani moja, ule mrija wa nyuma yake huenda umevimba.

Wapo wanaume ambao maumivu ya nyonga na ya kutoa shahawa huwasumbua kwa miezi 3 au zaidi, na kila kipimo cha vijidudu kikarudi hakina kitu. Hili ni tatizo linalojulikana, na ni halisi. Mara nyingi misuli ya sakafu ya nyonga imejikaza na haitaki kulegea, na mishipa ya fahamu ya eneo hilo imezoea kutuma maumivu. Mtu wa namna hii hupewa kozi ya antibiotiki, akapata nafuu kidogo, yakarudi, akapewa nyingine. Antibiotiki ya tatu na ya nne haimsaidii, kwa sababu hakuna kijidudu cha kuua. Kinachomsaidia ni mazoezi ya kulegeza misuli hiyo chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, kukalia maji ya uvuguvugu, dawa za maumivu, na kwa baadhi dawa za kulegeza misuli ya tezi dume na shingo ya kibofu.

Baadhi ya dawa za sonona nazo zimewahi kuleta maumivu haya, na vilevile upasuaji wa ngiri au wa kufunga kizazi. Kwa hiyo mwambie daktari dawa zote unazotumia na upasuaji wote uliowahi kufanyiwa, hata kama ni wa zamani.

Kichocho: swali lisiloulizwa

Wengi wetu tulijifunza kwamba kichocho ni ugonjwa wa watoto wanaokojoa damu. Hiyo ni nusu ya habari. Minyoo ya kichocho cha mkojo hukaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu na viungo vya nyonga, dume na jike pamoja, kwa miaka kadhaa. Jike hutaga mayai kila siku. Yai lina mwiba kwenye ncha moja, na hupenya ukuta wa kibofu ili litoke na mkojo. Lakini mayai mengi hayafiki huko. Hukwama njiani, na kwa mwanamume mahali yanapokwama sana ni kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Mwili huyazungushia uvimbe mdogo, tishu hukakamaa, na mishipa ya pale huvuja.

Matokeo yake ni shahawa zenye damu, wakati mwingine zenye mabonge au rangi ya manjano, na maumivu wakati wa kuzitoa. Mtu huyo anaweza asikojoe damu hata kidogo. Hata mkojo wake ukitazamwa kwa darubini unaweza usionyeshe mayai, ilhali yamejaa kwenye shahawa. Tafiti zilizofanywa Madagaska, na baadaye kwa wavuvi wa kusini mwa Ziwa Malawi, ziliyakuta mayai hayo kwenye shahawa za wanaume wanaoishi karibu na maji.

Kwetu aina hii ya kichocho ipo Unguja na Pemba, Tanga, kwenye mabonde ya mpunga ya Shinyanga, na kwa Kenya huko Kwale, Kilifi na kandokando ya Mto Tana. Huambukizwa kwenye maji baridi ya mabwawa, mito na mifereji wanamoishi konokono wa kichocho, si kwenye maji ya chumvi ya bahari. Kampeni za kugawa dawa zimewalenga zaidi watoto wa shule. Mwanamume mzima anayelima mpunga, anayeoga mtoni au kufyatua matofali kando ya bwawa hubaki nje ya orodha.

Kisa kimoja hatua kwa hatua

Tumchukulie mkulima wa mpunga wa miaka 31, mwenye mke na watoto wawili, ambaye kwa miezi miwili amekuwa akiona shahawa za kahawia na kusikia maumivu mafupi ya ndani anapozitoa. Duka la dawa limeshampa antibiotiki mara mbili. Damu ilipungua mara ya kwanza, akafikiri amepona, ikarudi. Sasa nyumbani kuna ugomvi, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake ametoka nje ya ndoa.

Anafika kituo cha afya. Mganga mwenye uzoefu humuuliza maswali manne kabla ya kuandika dawa yoyote. Una umri gani? Ilianza lini, na imetokea mara ngapi? Kuna jambo jingine, kama homa, usaha, mkojo wenye damu, kupungua uzito? Na la nne, ambalo wengi hulisahau: unafanya kazi wapi, na unaoga maji gani?

Kisha humpima presha, humpapasa korodani zote mbili na tumbo la chini, na kumwomba mkojo. Hapa saa ina maana. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa muda huo ndio unaofaa, na ni vyema mgonjwa atembee au aruke kidogo kabla ya kukojoa. Mtaalamu wa maabara huchovya kijiti cha kupimia, na kijiti kinaonyesha kuna damu isiyoonekana kwa macho. Chini ya darubini anaona mayai yenye mwiba nchani. Asingeyaona, angeweza kuomba shahawa zenyewe zitazamwe. Vipimo vya kaswende, VVU na magonjwa mengine ya zinaa hufanywa pia, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Vya mkulima wetu vinarudi safi.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa siku moja. Mkulima wetu ana kilo 60, kwa hiyo anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600. Anashauriwa kuvimeza akiwa amekula, kwa kuwa tumboni patupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, ila haiwezi ile michanga iliyoingia mwilini wiki chache zilizopita. Kwa sababu hiyo anaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa apimwe tena, na ikibidi arudie dozi.

Mke wake naye anapimwa, kwa kuwa wanafanya kazi kwenye jaruba moja, na kichocho humwathiri mwanamke kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Wanaambiwa kwamba kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana. Sentensi hiyo moja humaliza ugomvi ambao vidonge vya dukani viliuchochea.

Shahawa haziwi safi siku inayofuata. Minyoo hufa, lakini mayai yaliyokwama hubaki kwenye tishu, na damu hupungua polepole kwa wiki na miezi. Ikiwa ugonjwa ulikaa miaka mingi, makovu yanaweza kubaki na maumivu kidogo yakaendelea. Akirudi kwenye maji yaleyale bila viatu vya mpira anaweza kuambukizwa upya, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya damu kuonekana tena mwaka unaofuata.

Lini usingoje

Kijana aliyeona damu mara moja au mbili, asiye na homa wala maumivu wala historia ya maji ya kichocho, anaweza kungoja wiki chache huku akitazama rangi ikififia. Atumie kondomu hadi ajue chanzo. Kama ana VVU jambo hilo ni la lazima zaidi, kwa kuwa damu na uvimbe kwenye njia hizi huongeza virusi kwenye shahawa.

Mwenye umri wa miaka 40 au zaidi apimwe hata kama damu ilitokea mara moja. Katika umri huo saratani ya tezi dume huanza kuingia kwenye hesabu, ingawa hata hapo wengi wenye damu kwenye shahawa hawana saratani. Daktari ataipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, kipimo cha chini ya dakika moja. Ataomba pia kipimo cha damu kinachoandikwa PSA kwenye fomu ya maabara. Kiwango chake hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa maambukizi na kwa kutoa shahawa. Kwa hiyo mtu hushauriwa akae siku mbili bila tendo la ndoa kabla ya kukifanya. Akiwa na maambukizi, hutibiwa kwanza na kukingoja wiki sita hivi. Kiwango kikubwa peke yake si hukumu ya saratani.

Katika umri wowote, nenda hospitali kama damu imeendelea zaidi ya mwezi au inarudi kila mara, kama mkojo nao una damu, kama umepapasa uvimbe mgumu kwenye korodani, kama mkojo unatoka kwa shida, kama unapungua uzito au mifupa ya mgongo inauma usiku, au kama baba au ndugu yako wa damu aliugua saratani ya tezi dume. Mkojo wenye damu kwa mtu aliyeishi na kichocho kwa miaka mingi usipuuzwe hata kidogo, kwa sababu kichocho cha muda mrefu kinaweza kuzaa saratani ya kibofu. Hapo kituo cha afya kitampa rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, kama walio Muhimbili, KCMC au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, afanyiwe ultrasaundi na kuangaliwa kibofu kwa kamera.

Yapo mawili yasiyongoja hata kesho. La kwanza ni homa kali yenye kutetemeka, pamoja na maumivu ya nyonga na mkojo kukataa kutoka, ambayo huashiria maambukizi makali ya tezi dume. La pili ni maumivu makali ya ghafla ya korodani moja, hasa kwa kijana. Korodani huenda imejisokota na kujikatia damu, na ina saa kama sita tu kabla ya kuanza kufa.

Kwa yote mengine, usinunue antibiotiki ya pili kabla hujapimwa mkojo. Ukifika kwa mganga mtajie umri wako, damu ilianza lini, dalili zilizoandamana nayo, na maji unayoyaingia. Asipokuuliza habari ya maji, mwambie mwenyewe.